Kunuti ya Kikuyu, Alasiri ya Dar: Madhehebu Manne Njiani

Kikuyu, Dodoma

Kikuyu imo ndani ya jiji la Dodoma, na wengi huijua kwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, kilichoanza 2007 pale palipokuwa Shule ya Sekondari Mazengo. Waislamu wa mitaa hii wametoka kila upande. Wapo Wagogo, Warangi wa Kondoa, Wanyamwezi, na watu wa Pwani walioletwa na kazi. Lakini ukisimama nao katika swala ya Alfajiri, asili hizo zote hazionekani. Imamu huanza Fatiha kwa kusoma bismillahi kwa sauti, na mwisho wake msikiti mzima huitika amini. Katika rakaa ya pili, akishainuka kutoka kwenye rukuu, haendi moja kwa moja kwenye sijda. Husimama, huinua viganja na kusoma dua ya kunuti, na maamuma huitikia. Mambo hayo matatu yakikutana, mgeni anaweza kusema bila kuuliza kwamba hapa watu wanafuata madhehebu ya Imamu Shafii.

Uislamu ulipanda huku kwa njia za biashara. Misafara kutoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa na kuvuka Ugogo kuelekea Tabora, na Wajerumani walipofikisha reli Dodoma 1910, wafanyabiashara na walimu wa Pwani walipata kituo cha kudumu. Walimu hao walibeba vitabu walivyosomeshwa, navyo vilikuwa vya Kishafii. Hadi leo mtoto wa madrasa akimaliza juzuu zake hukabidhiwa Safinatu Najaa, kijitabu cha fikihi cha Salim bin Sumayr, mwanachuoni wa Hadhramaut aliyefariki Batavia katikati ya karne ya 19. Mtoto wa Dodoma anajifunza udhu kwa maneno yaleyale anayojifunza mtoto wa Lamu, wa Moroni na wa Java.

Kabla ya kuondoka nilimuuliza mzee anayesalisha Alfajiri kwa nini kunuti wengine wanaisoma na wengine hawaisomi.

“Shikamoo, sheikh.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa hapa. Unajua kuna hadithi mbili?”

Akanieleza. Katika hadithi iliyo kwenye Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alisoma kunuti mwezi mmoja akiwaapiza waliowaua wasomaji wa Kurani aliowatuma, kisha akaacha. Katika hadithi nyingine, iliyopokewa kwa Anas bin Malik na kuwekwa na Imamu Ahmad na Baihaki katika vitabu vyao, Mtume aliendelea kusoma kunuti katika Alfajiri mpaka akaondoka duniani. Mahanafi na Mahanbali wanaitazama ya kwanza kuwa ndiyo yenye nguvu, na ya pili wanaitilia shaka wapokezi wake. Kwao kunuti ya Alfajiri ya kila siku haipo. Mashafii wanazikubali zote mbili na kuzipatanisha: kilichoachwa ni kule kuyaapiza makabila ya wauaji hao, na kilichobaki ni dua yenyewe. Wamaliki nao wanasoma kunuti, ila kwa siri, na bora kwao ni kabla ya rukuu.

Nimeyaandika haya mwanzoni mwa daftari kwa sababu yanaonyesha tofauti za madhehebu zinakotoka. Kila upande una hadithi mkononi. Wanachotofautiana ni namna ya kuipima hadithi, na kipi kitangulizwe pale ambapo habari mbili zinagongana.

Dar es Salaam

Treni ya umeme imeisogeza Dar karibu, na niliwahi kufika mjini kati wakati wa Alasiri. Niliingia kwenye msikiti uliojengwa na Wasunni wenye asili ya Bara Hindi, nikadhani nimechelewa. Kumbe adhana ilikuwa bado. Kwenye ubao wao, Alasiri iliandikwa zaidi ya saa moja baada ya ile niliyoizoea, kwa kuwa wao ni Mahanafi.

Tofauti hii inaweza kupimwa kwa fimbo. Chukua Dodoma karibu na tarehe 21 Machi, na usimamishe fimbo ya mita 1 juani. Jua likifika katikati, mnamo saa sita na dakika 44 mchana, kivuli chake ni kama sentimita 11. Kwa Shafii, Malik na Ahmad, Alasiri huingia kivuli kinapofikia urefu wa fimbo juu ya kile cha mchana, yaani kama sentimita 111. Hiyo ni karibu saa kumi kasoro dakika tano. Kwa Abu Hanifa, ni mpaka kivuli kifikie urefu wa fimbo mara mbili juu ya kile cha mchana, kama sentimita 211, na hapo inakuwa kama saa kumi na moja. Kwa hiyo mtu wa Dodoma ambaye simu yake inamtangazia Alasiri saa nzima baada ya muadhini wa mtaani asifikiri simu imeharibika. Atazame tu imepangwa kwa hesabu ya nani.

Wanafunzi wawili wakubwa wa Abu Hanifa, Abu Yusuf na Muhammad bin Hasan Shaibani, hawakukubaliana na mwalimu wao katika jambo hili. Walisema kivuli kimoja kinatosha. Hata hivyo hawakutoka katika madhehebu yake. Madhehebu, kwa hiyo, ni zaidi ya maoni ya mtu mmoja. Ni njia ya kufikiri inayorithishwa, na ndani yake mwanafunzi anaweza kumpinga mwalimu kwa mizani ileile aliyofundishwa naye.

Abu Hanifa, aliyefariki 767, alikuwa mfanyabiashara wa nguo mjini Kufa, Iraki. Kufa ilikuwa mbali na Madina, imejaa watu wa kila namna, na hadithi za kubuni zilikuwa zikizagaa. Alikuwa mwangalifu sana na habari iliyopokewa na mtu mmoja mmoja, na pale palipokosekana nukuu madhubuti alitumia kiyasi: kulichukua jambo lisilotajwa na kulipa hukumu ya lililotajwa kwa sababu inayoyaunganisha. Masuala yalijadiliwa katika duara la wanafunzi hadi yakakomaa. Abu Yusuf baadaye akawa kadhi mkuu wa Harun Rashid, na njia ya Kufa ikaenea pamoja na dola. Waothmani na watawala wa Kimughali wa India waliishika, na kwa njia hiyo imefika mpaka barabara za Dar.

Katika safu niliyosimama alikuwepo mfanyabiashara kutoka Sudani. Alisali mikono ikiwa imening’inia pembeni. Mtu asiyejua angemdhania Mshia au Muibadhi, ambao nao hawafungi mikono. Baada ya swala nilimuuliza kwa adabu, akasema, “Sisi kwetu ni Wamaliki, ndugu yangu.”

Malik bin Anas, aliyefariki 795, aliishi Madina na hakuona haja ya kuhama. Hoja yake ilikuwa hii: mji ambao Mtume aliishi, ukazaa watoto na wajukuu wa masahaba, ukiwa unafanya jambo kwa pamoja kizazi hata kizazi, huo ni upokezi wa watu maelfu kutoka kwa maelfu. Una nguvu kuliko habari ya mmoja kutoka kwa mmoja. Kitabu chake, Muwatta, kina hadithi ya kuweka mkono wa kulia juu ya wa kushoto. Lakini mwanafunzi wake Ibn Qasim alipokea kutoka kwake kwamba katika swala ya faradhi hakupenda jambo hilo, na wengi wa Wamaliki wakashika mapokezi hayo. Leo ukienda Sudani, Maghribi au Senegali, mikono mingi utaikuta pembeni.

Unguja

Nikavuka bahari. Mji Mkongwe ulitawaliwa na masultani Maibadhi, na misikiti yao ingalipo. Uibadhi haumo katika madhehebu manne ya Kisunni, bali ni tawi jingine lenye historia yake. Lakini raia wengi walikuwa Mashafii, na masultani waliweka makadhi wa pande zote mbili, kila mtu akahukumiwa kwa sheria aliyoifuata. Mmoja wa makadhi hao wa Kishafii ni Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyefariki 1925. Mwaka huohuo alifariki rafiki yake, Sheikh Abdallah Bakathir, ambaye madrasa yake ilitoa walimu waliosambaa mwambao mzima. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekuwa kadhi mkuu wa Zanzibar na baadaye wa Kenya, aliandika kitabu kizima cha habari za wanavyuoni wa Kishafii wa Afrika ya Mashariki. Humo msomaji anaona nani alisoma kwa nani, darasa kwa darasa.

Ushafii wa Pwani ni wa kale zaidi ya hao. Ibn Batuta alipopita 1331 aliwaandika watu wa Mombasa na wa Kilwa kuwa ni Mashafii, na kuwasifu kwa uchamungu. Yeye mwenyewe alikuwa Mmaliki wa Tanja, akilinganisha kila alipofika kama msafiri afanyavyo. Sababu ya Pwani kuwa ya Shafii ni pepo za kaskazi na kusi. Majahazi yaliiunganisha na Yemeni na Hadhramaut, na pwani hizo zilikuwa za Shafii. Kutoka bandari hizohizo madhehebu hayo yalifika Malabar ya India na visiwa vya Indonesia.

Ustadhi mmoja wa hapa alinipa ufunguo wa kuyashika yote manne kwa pamoja: mfuate Shafii katika safari zake. Alizaliwa Ghaza 767, mwaka aliofariki Abu Hanifa. Alikulia Makka, akaenda Madina akiwa kijana kusoma Muwatta kwa Malik mwenyewe. Baadaye akafika Baghdadi, akasoma vitabu vya Shaibani na kujadiliana naye, hivyo akaijua njia ya Kufa kutoka ndani. Huko Baghdadi alikaa naye kijana aliyeitwa Ahmad bin Hanbal, aliyejifunza kwake. Mtu mmoja alimsomea Malik, akakabiliana na mwanafunzi wa Abu Hanifa, akamfundisha Ahmad. Madhehebu manne ni watu waliokaa duara moja la elimu.

Kwa kuwa alizijua shule mbili kubwa, Shafii aliona kila moja inalotatizwa nalo. Watu wa Madina wangeweza kuiacha hadithi sahihi kwa desturi ya mji wao, na watu wa Kufa kwa kiyasi chao. Katika kitabu chake Risala alipanga ngazi: Kurani, kisha Sunna ya Mtume iliyothibiti hata kama imepokewa na mmoja mwaminifu, kisha ijmaa, yaani makubaliano ya wanavyuoni, kisha kiyasi. Alipohamia Misri, miaka michache kabla ya kufariki 820, aliyapitia upya maoni yake na kubadilisha mengi. Mashafii mpaka leo hutofautisha kauli yake ya zamani, ya Baghdadi, na mpya, ya Misri, na kwa kawaida hufuata mpya.

Si kila mwanachuoni mkubwa aliacha madhehebu. Auzai wa Shamu alifuatwa mpaka Andalusia, na Laith bin Saad wa Misri alikuwa na elimu ambayo Shafii, inavyosimuliwa, aliiona imezidi ya Malik. Lakini Laith hakupata wanafunzi wa kuisimamia. Shafii aliwapata: Buwaiti, Muzani na Rabii walihifadhi maneno yake, wakayafupisha na kuyafundisha. Karne nne baadaye Imamu Nawawi, aliyefariki 1277, aliyachambua mapokezi yote hayo na kubainisha kauli ya kutegemewa katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wa fikihi wa Unguja wanakisoma hadi sasa. Kwa hiyo manne hayakuteuliwa na baraza lolote. Yalibaki kwa sababu ya wanafunzi na vitabu, na dola ikaja kuyatambua. Sultani Baibars alipoweka Kairo makadhi wakuu wanne mwaka 1265, mmoja kwa kila madhehebu, alikuwa anakiri hali iliyokuwepo tayari.

Makka

Mbele ya Kaaba nilikutana na madhehebu ya nne. Alfajiri imamu aliinuka kutoka kwenye rukuu ya rakaa ya pili, nami nikangoja kunuti kama nilivyozoea, lakini yeye akashuka kusujudu. Saudia fikihi ya Ahmad bin Hanbal ndiyo yenye nguvu. Ahmad, zaidi ya yote, alikuwa mtu wa hadithi. Musnad yake ni bahari ya mapokezi, na alipendelea hata hadithi yenye udhaifu usio mkubwa kuliko kiyasi. Mwaka 833 Khalifa Maamun alianza kuwalazimisha wanavyuoni wakiri kwamba Kurani imeumbwa. Ahmad alikataa, akafungwa, na chini ya Mutasim akapigwa mijeledi. Hakuandika kitabu cha fikihi. Majibu yake yalikusanywa na wanafunzi, na Khallal, aliyefariki 923, akayatia pamoja.

Nini kimpase maamuma wa Kishafii pale imamu anapoiacha kunuti? Vitabu vya Kishafii vimelijibu: kama anaweza kuisoma kwa ufupi na kumwahi imamu katika sijda, aisome. Kama hawezi, amfuate imamu. Baada ya imamu kutoa salamu, asujudu sijda ya kusahau, kwani kwa Shafii kunuti ni sunna inayofidiwa kwa sijda. Swala yake ni sahihi, na ya imamu ni sahihi. Waislamu hawakuwa wakilitazama hivi siku zote. Ibn Jubair alipofika Makka 1183 alikuta maimamu mbalimbali, kila madhehebu na jamaa yake, na hali hiyo ilidumu karne nyingi mpaka baada ya Wasaudi kuuchukua mji 1924, walipowakusanya wote nyuma ya imamu mmoja.

Ni katika kutufu ndipo nilipoelewa kwa nini mtu hushika madhehebu moja. Kwa Shafii, ngozi ya mwanamume ikigusana na ya mwanamke mzima asiye maharimu wake, udhu wa wote wawili umevunjika. Kwenye msongamano wa Kaaba, kujilinda na hilo ni tabu kubwa. Kwa Abu Hanifa kugusana hakuvunji, na kwa Malik na Ahmad kunavunja kukiwa na matamanio. Sheikh aliyekuwa akiongoza kundi letu alitukusanya jioni moja.

“Ndugu zangu,” alisema, “ukitaka kumfuata Abu Hanifa katika kugusana, mfuate tangu unapotawadha. Usichukue nusu.”

Akafafanua. Shafii anatosheka ukipaka maji sehemu yoyote ya kichwa, hata nywele chache. Abu Hanifa anataka robo ya kichwa. Sasa mtu katawadha Kishafii, kapaka nywele tatu. Akiwa anatufu kagusana na mwanamke, akasema, “Hapa nafuata Hanafi,” akaendelea na kusali. Muulize Shafii, atasema huna udhu, umegusana. Muulize Abu Hanifa, atasema huna udhu, hukupaka robo ya kichwa. Ibada hiyo hakuna imamu hata mmoja anayeikubali, ingawa kila kipande chake kina imamu nyuma yake. Wanavyuoni huita mchanganyiko huu talfiki. Dawa yake si ngumu: apake kichwa chote, na kama jeraha limechuruzika damu atawadhe upya, kwa kuwa kwa Hanafi damu inayotiririka inavunja udhu. Hapo amehama kihalali katika ibada hiyo, na ana mtu wa kusimama naye.

Moja, na kwa nini

Katika ndoa hatari ya kuchanganya ni kubwa zaidi. Kwa Shafii ndoa haiwi bila walii na mashahidi wawili. Hanafi humruhusu mwanamke mzima mwenye akili kujiozesha, lakini anadai mashahidi wakati wa kufunga. Malik anadai walii, lakini anakubali mashahidi wapatikane baadaye, kabla ya wanandoa kuingiliana. Kila mmoja amefungua mlango mmoja na kufunga mwingine ili ndoa isiwe siri. Anayechukua ruhusa ya kukosa walii kwa huyu na ruhusa ya kuchelewesha mashahidi kwa yule anabaki na maneno ya watu wawili chumbani, na kadhi yeyote ataikataa ndoa hiyo. Mlaji wa hasara hiyo mara nyingi ni mwanamke, na mtoto atakayetafuta nasaba yake.

Vijana wengi wa siku hizi, hasa waliosoma Uarabuni, huuliza kwa nini tumfuate imamu na hadithi zipo. Ni swali la haki, na Shafii mwenyewe alisema hadithi ikisihi hiyo ndiyo madhehebu yake. Nawawi aliieleza kauli hiyo: ni ya mtu aliyefikia daraja ya ijtihadi, aliyevipitia vitabu vya Shafii akawa na dhana yenye nguvu kwamba hadithi hiyo haikumfikia au hakuuona usahihi wake. Mara nyingi hadithi ilimfikia, naye akaiacha kwa nyingine aliyoijua. Mfano wa kunuti unaonyesha: anayesoma ile ya mwezi mmoja peke yake atadhani mzee wa Kikuyu anapinga Sunna, wakati mzee anaijua, na ana ya pili.

Wala kufuata moja si kuyabatilisha mengine. Wanavyuoni wengi wamesema mtu wa kawaida madhehebu yake ni ya mufti anayemuuliza, na anayehamia Kairo au Karachi akaishika njia ya walimu wa huko hajakosa. Yanayotakiwa kwake ni mawili. Akiwa katika jamaa, amfuate imamu aliye mbele yake bila kumhesabia makosa kwa mizani ya kwingine. Na katika ibada moja au mkataba mmoja, ashike njia moja kuanzia mwanzo mpaka mwisho, aliyofundishwa na mwalimu anayeijua yote, ili siku akiulizwa kwa nini alifanya hivi awe na jibu lenye mwanzo na mwisho. Sisi wa Dodoma mwalimu aliye karibu ni Mshafii, vitabu vyake vinapatikana, na makosa yetu anaweza kuyasahihisha. Hiyo ni sababu ya kutosha ya kubaki na Shafii, na ni sababu ileile inayomfanya Msudani abaki na Malik.